Feniksi Alikuwa Anamzika Baba Yake

Mabibi na mabwana, mmeniomba niwaeleze ndege wa hadithi, wa kufufuka na wa radi, na maana ya kila mmoja. Naanza na moto, maana nimeupigia kelele miaka mingi na bado haujazimika. Ukimuuliza mtu yeyote feniksi ni nani, atakujibu: ndege anayejichoma akazaliwa upya katika majivu. Haya, tumsome Herodoto, Mgiriki wa karne ya 5 KK, mmoja wa watu wa kwanza kumweleza ndege huyu kwa kirefu. Tutafute huo moto.

Herodoto anasema hakumwona ndege mwenyewe ila katika picha: manyoya mengine ya dhahabu, mengine mekundu, umbo na ukubwa kama tai. Hufika Misri kila baada ya miaka 500, katika mji ambao Biblia yetu inauita Oni, kwao yule kuhani ambaye binti yake, Asenathi, Farao alimwoza kwa Yusufu. Anafika kufanya nini? Baba yake amefariki. Basi, kule Arabuni, mtoto huyu hufinyanga yai la manemane, zito kadiri anavyoweza kulibeba. Halafu hulijaribu: hulinyanyua, huruka nalo, aone kama ataimudu safari. Akishajua kwamba analiweza, hulitoboa, hulikomba ndani, humlaza baba yake humo, kisha huziba tundu kwa manemane. Yai hurudi kuwa na uzito uleule wa mwanzo. Ndipo hulibeba mpaka Misri, kwenye hekalu la Jua.

Moto uko wapi? Haupo. Kuna mtoto na maiti ya baba yake, na kuna mzigo uliopimwa kabla ya safari. Manemane, mnajua, ilitumika kuhifadhi maiti. Hayo ni mazishi, tena mazishi ya heshima, na maana ya ndege huyu wa Herodoto ni wajibu wa mtoto kwa mzazi aliyetangulia.

Najua mtaniambia Herodoto mwenyewe hakuyaamini. Kweli, amesema wazi kwamba kwake hayaaminiki. Lakini hatumuulizi kama ndege huyo aliruka kweli angani. Tunamuuliza watu walisimulia nini, na hilo amelihifadhi hata pale alipotilia shaka. Huo ndio uaminifu wa msimulizi.

Twende mwishoni mwa karne ya 1 BK. Klementi wa Roma anawaandikia Wakristo wa Korintho kuhusu ufufuo, naye anamleta ndege yuleyule. Sasa ni feniksi mwenyewe anayejitengenezea jeneza la ubani na manemane, anaingia, anafia humo. Mwili unapooza hutoka funza, funza huota mabawa, kisha hulibeba jeneza lenye mifupa ya mzazi wake hadi Misri. Makuhani hufungua kumbukumbu zao za miaka na kukuta kwamba 500 imetimia. Hata hapa hakuna moto! Kuna kuoza, na ndiyo maana mfano huo ulimfaa Klementi: mwili unaooza kaburini ndio aliotaka kuutetea.

Moto ulikuwa umeshaanza kutajwa na washairi wa Roma katika karne hiyohiyo. Lakini Takito, mwanahistoria wao wa mwanzoni mwa karne ya 2, anasimulia kwamba kinachochomwa madhabahuni ni mwili wa baba. Tukishika majivu peke yake, tunampoteza baba, na feniksi anabaki kiumbe asiyedaiwa na yeyote.

Muda unanikimbia, na ndege wa radi bado. Tafadhali msimwite feniksi wa Amerika. Hafi wala hafufuki. Kwa Wamaka na Wakwileute, wenyeji wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, ni mwindaji wa nyangumi. Wakipambana, nchi hutetemeka na bahari hupanda. Usiku wa tarehe 26 Januari 1700 pwani hiyo ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa karibu 9, na mawimbi yake yakafika Japani, ambako yaliandikwa na watu wasiohisi mtikisiko wowote. Wapo watafiti wanaoziunganisha simulizi hizo na tukio hilo, nami nakubaliana nao. Ndege huyu anasimama mahali pa nguvu inayotikisa nchi na maji kwa pamoja.

La mwisho, kwa haraka: impundulu wa Waxhosa, Afrika Kusini. Ni ndege mweusi na mweupe, mkubwa kama mtu, anayeleta radi kwa mabawa na kucha zake. Husemwa kuwa mtumishi wa mchawi, na mchawi huyo akifa, ndege hahitaji kufa naye wala kuzaliwa tena: binti humrithi kutoka kwa mama yake.