Ndizi Nimeoza: Wingi Umejificha Wapi?

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu mnaosomesha Kiswahili na ninyi mnaojifunza. Niko na Da Zuhura kama kawaida. Dada, shikamoo.

ZUHURA: Marahaba. Naona leo umekuja unacheka peke yako.

BARAKA: Nina kesi. Mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, kwao Ujerumani ni fundi umeme. Ana miezi miwili na Kiswahili. Majuzi kaniletea sentensi hii: "Ndizi hini nkubwa nimeoza."

ZUHURA: Maskini, kaoza yeye!

BARAKA: Nilicheka, kisha nikajuta. Maana nilipomuuliza ameipataje, akanionyesha daftari. Tulikuwa tumeandika "kitabu hiki kikubwa kimepotea." Akaona ki, ki, ki, ki. Basi akaichukua ndizi, akakata ile n ya mwanzo, akaigawa kote.

ZUHURA: Huyo hajakosea kwa uvivu, amefuata kanuni uliyompa. Ulianza na ngeli gani?

BARAKA: KI-VI. Ndiyo nyepesi.

ZUHURA: Ni nyepesi, ila inadanganya. Katika KI-VI sauti ya mwanzo wa jina na sauti ya kitenzi zinafanana, kwa hiyo mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba upatanisho ni kunakili silabi ya kwanza. Kumbe jina lina umbo lake, na kitenzi kina kiambishi chake kinachotokana na ngeli. Kwenye KI-VI vimekutana tu. Angalia mti: jina lina m, lakini unasema mti umeanguka, miti imeanguka. Hiyo u imetoka wapi? Haiko ndani ya neno "mti."

BARAKA: Na ndiyo maana wengine wanaziita ngeli kwa jina la kitenzi: U-I, LI-YA, I-ZI.

ZUHURA: Na wengine kwa umbo la jina: M-MI, JI-MA, N. Mwanafunzi akikutana na vitabu viwili tofauti anadhani ni ngeli tofauti. Mimi kwa anayeanza nachagua majina ya kitenzi, kwa sababu kamusi nazo humwandikia hivyo, pale pembeni ya neno: i-/zi-. Akijua kuisoma hiyo alama, amejikomboa.

BARAKA: Sasa turudi kwenye ndizi. Nilimweleza kwamba wingi wa ndizi ni ndizi. Akaniuliza, "Sasa nitajuaje ni ngapi?"

ZUHURA: Swali zuri hilo. Ulimjibu nini?

BARAKA: Nikamwambia atajua kwa muktadha.

ZUHURA: Ah, hapana! Muktadha wa nini, na lugha imeshasema waziwazi? Nikikwambia "barua zimefika," unauliza ni moja? Katika I-ZI jina limeuacha wingi, limewakabidhi majirani zake. Chukua ndizi yako: "Ndizi hii kubwa imeoza." Sasa iwe nyingi: "Ndizi hizi kubwa zimeoza." Hesabu vilivyobadilika.

BARAKA: Hii imekuwa hizi. Imeoza imekuwa zimeoza.

ZUHURA: Basi. Ndizi imebaki, kubwa nayo imebaki. Na ukiongeza mwenyewe, yangu inakuwa zangu, ukiongeza "ya sokoni" inakuwa "za sokoni." Mwanafunzi anatafuta wingi kwenye jina lenyewe kwa sababu kwao umezoea kukaa huko. Mfundishe asikilize sauti moja tu: z.

BARAKA: Na sifa? Maana "kubwa" haikumsumbua sana, lakini "mpya" ilimtoa jasho. Alisema, "Sahani mpya, hiyo m ni ya mtu?"

ZUHURA: Hapo usimlaumu. Sifa nyingi za ngeli hii husimama bila kiambishi kinachosikika: sahani kubwa, sahani safi. Nyingine huchukua n: nzuri, ndogo, ndefu. Na ile n ikikutana na p ya "pya" inageuka m. Mwambie ni n ileile, midomo ndiyo imeifunga. Halafu mpe sentensi nzima: sahani yangu mpya imevunjika, sahani zangu mpya zimevunjika. "Mpya" haijui kuhesabu.

BARAKA: Mazoezi yako huwa yanakwendaje?

ZUHURA: Nasema kwa mdomo, yeye hajibu kwa sentensi. Anainua kidole kimoja au mkono mzima. "Nguo imekauka." Kidole. "Nguo zimekauka." Mkono. "Nimeinunua kalamu." Kidole. "Nimezinunua." Mkono, na hapo hata jina sikulitaja. Dakika tano kila siku. Asipokosea wiki nzima ndipo namruhusu aseme mwenyewe. Wakubwa hupenda kukariri jedwali la ngeli zote. Analijua jedwali kama sala, kisha sokoni anakwama kwenye neno la pili.

BARAKA: Huyu wangu jedwali amelibandika jikoni.

ZUHURA: Alibandue. Kila neno jipya aliandike na jirani: ndizi hii, ndizi hizi. Kiti hiki, viti hivi. Hilo linatosha.

BARAKA: Sasa kuna mtego mwingine. Nilipomweleza habari ya ndizi, wiki iliyofuata akaniambia, "Rafiki imefika."

ZUHURA: Kasoma umbo tena. Rafiki amefika. Chochote chenye uhai, mtu au mnyama, kinakwenda A-WA katika kitenzi, jina lake lianze vyovyote. Kiongozi amefika, vijana wamefika. Ukisema "kiongozi kimefika" umemfanya kitu, na mwenyewe akisikia atachukia.

BARAKA: Lakini mbona tunasema rafiki yangu, mama yangu? Aliniuliza hivyo hivyo, nikaanza kukohoa.

ZUHURA: Ha! Hayo ni majina ya uhusiano, na yamebaki na i-zi yao kwenye umilikishi peke yake. "Rafiki yangu mkubwa amefika." Tazama: yangu ya I-ZI, mkubwa na amefika za A-WA, sentensi moja. Wakiwa wengi, "rafiki zangu wamefika." Usimpe yote siku moja. Mpe mama, baba, dada, kaka, rafiki. Hayo anayataja kila siku.

BARAKA: Na akisikia mtu Nairobi anasema "kitabu yangu"?

ZUHURA: Atasikia, tena sana. Hata "gari yangu" anaisikia kwa wenye lugha, na kamusi inamwambia gari langu. Mwambie aelewe zote, aandike gari langu. Lakini usimwambie kwamba watu hao hawajui Kiswahili.

BARAKA: Kuna jambo linanifurahisha kuhusu hicho kitabu chenyewe. Asili yake ni Kiarabu, kule wingi wake ni kutub. Ki- yake haikuwa kiambishi kabisa. Waswahili wakaiona, wakasema hii ni yetu, wakatoa vitabu.

ZUHURA: Na kipilefti cha barabarani je? Kiingereza kile kilikuwa amri ya kushika kushoto. Leo dereva anakwambia vipilefti viwili mbele yako. Mweleze fundi wako hivyo, ataona kwamba na sisi hufanya kama yeye: tunatazama silabi ya kwanza.

BARAKA: Kwa hiyo "ndizi nimeoza" nimsamehe.

ZUHURA: Msamehe. Ila mwambie arudie, na safari hii ziwe kumi.

BARAKA: Nilimwambia jana. Akasema, "Ndizi hizi nkubwa zimeoza."

ZUHURA: Kabakiza n moja. Wiki ijayo utaing'oa.