Kabla hujatoa hela, piga *#06#

Haya ndugu zangu, karibuni, walioko nyuma sogeeni kidogo, spika yenyewe mnaiona. Leo nazungumzia kununua simu zilizotumika, zile za mkono kwa mkono, na jinsi ya kuzikagua kwa namba yake ya IMEI, maana msimu wa korosho ndo huo, malipo ya mnada yakishaingia hapa Mtwara kila kona kuna mtu anauza simu "ya shemeji yangu kaniachia".

Sasa IMEI ni nini. Ni namba ya chombo chenyewe, siyo ya laini. Laini unaitoa unaweka nyingine, IMEI inabaki palepale. Ina tarakimu 15. Zile 8 za mwanzo zinasema hii ni kampuni gani na modeli gani, 6 zinazofuata ni za simu hiyo moja, ya mwisho inapatikana kwa hesabu kutokana na hizo 14. Kila simu ikiwaka na kutafuta mnara, namba hiyo inaonekana kwenye mtandao, kwa hiyo mitandao wakiifungia haijalishi unaweka laini ya nani, haishiki. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, na watu wengi wanakagua moja tu wanaondoka.

Basi tuseme umesimama pale stendi, kijana anakupa Samsung, elfu themanini, boksi lipo, chaji ipo. Usianze na kamera! Nenda sehemu ya kupigia, andika

```
*#06#
```

usibonyeze kitufe cha kupiga, namba zinatokea zenyewe. Zisome ukilinganisha na za kwenye stika ya boksi, tarakimu kwa tarakimu, na kama betri inatoka angalia na pale chini yake. Zikitofautiana boksi siyo lake, au fundi kabadilisha bodi, au namba imechezewa. Ukikuta sifuri tupu au imeandika null, hiyo imeflashiwa vibaya, mrudishie.

Zikilingana bado hujamaliza. Toa simu YAKO, andika hiyo IMEI kwenye meseji, tuma 15090, ile huduma ya TCRA. Unajibiwa ni simu ya aina gani na modeli gani. Hapa ndo pa kukaza macho, maana umeshika Samsung halafu jibu linakuja Nokia, hapo kuna mtu kabandika namba ya simu nyingine juu ya hii. Boksi linaweza kuchapishwa likalingana na kioo, lakini hizo tarakimu 8 zinasema modeli ya asili, na hapo ndo wanapoumbuka. Wakubwa mnakumbuka Juni 2016 TCRA walivyozima simu feki, watu waliamka asubuhi simu haishiki, wengi hawakujua hata wameshika feki.

Halafu weka laini yako mle ndani, siyo ya muuzaji. Piga simu, ongea, subiri. Ikiandika No service au Emergency calls only jaribu laini ya mtandao mwingine, maana inaweza kuwa laini yako ndo mbovu. Laini mbili nzima zote zikigoma, achana nayo. Na usidanganywe na waifai, simu iliyofungiwa inacheza video vizuri tu kwa waifai, kijana atakuonyesha hadi mpira.

Mama pale anauliza, je ikipita yote hayo ni salama? Hapana mama. Iliyoibiwa jana usiku, mwenyewe anaweza kwenda polisi keshokutwa kuchukua ripoti ya upotevu akapeleka kwa mtandao wake, ndo inafungiwa, wewe umeshalala nayo siku mbili. Na iliyofungiwa nchi nyingine inaweza ikashika hapa vizuri, orodha za simu zilizofungiwa za nchi zote hazijaungana, sisi tuko jirani na Msumbiji mnaelewa. Kwa hiyo andikishaneni karatasi, jina, namba ya kitambulisho cha NIDA, IMEI zote mbili, sahihi, shahidi. Mwizi ukimwambia lete kitambulisho utaona anavyokumbuka ana safari ya Lindi.

Na hili la akaunti ni jingine kabisa: simu inaweza isiwe imefungiwa IMEI lakini imefungwa na akaunti ya Google au ya Apple ya mwenyewe. Mwambie atoe akaunti mbele yako, halafu afute kila kitu irudi kama ilivyotoka kiwandani, iwake mpaka mwisho bila kudai nywila ya mtu.

Swali la mwisho, kaka wa shati jeupe, anasema fundi kamwambia atambadilishia IMEI simu ifunguke. Kaka, kubadili IMEI ni kosa la jinai kwa sheria ya mawasiliano ya 2010, yeye fundi na wewe uliyempelekea mnaingia wote. Kama ni yako kweli, uliripoti imepotea ukaipata, rudi kwa mtandao wako na ile ripoti ya polisi waombe waiondoe kwenye orodha. Kama siyo yako, mrudie aliyekuuzia, na ile karatasi ndo itakusaidia.