Dakika ya Kwanza Mbele ya Jopo

Hamjambo ndugu zangu. Leo nitashika dakika moja tu ya mahojiano ya kazi, ile ya kwanza, maana ndipo wengi hukwama.

Tuchukue mfano wa binti wa Likoni aliyeitwa saa tatu asubuhi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Akivuka na feri ya saa mbili na nusu atafika anahema, na moyo uliotoka mbioni hautofautishi foleni na hofu. Basi awe ameketi mapokezi saa tatu kasorobo.

Akiketi, avute pumzi kwa pua akihesabu hadi nne, kisha aitoe kwa mdomo polepole, kama anayepoza chai, akihesabu hadi sita. Mara kumi na mbili zatosha, ni kama dakika mbili. Siri iko kwenye kutoa: mapigo ya moyo hupungua kidogo kila tunapotoa pumzi. Kosa kubwa ni kuvuta pumzi nyingi za haraka. Hewa ya ukaa hupungua mwilini, kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinawasha. Ukiona hivyo, punguza pumzi unayovuta.

Asijilazimishe kusema "nimetulia", kwa kuwa mwili unajua si kweli. Aseme "nina hamu na kazi hii". Mtafiti Alison Wood Brooks alichapisha mwaka 2014 majaribio yaliyoonyesha kwamba waliojiambia wana hamu walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Hofu na hamu zote huenda na moyo wa kasi, kwa hiyo kuhama kutoka moja hadi nyingine ni rahisi kuliko kuuzima moyo.

Sasa swali lenyewe: "Tueleze kuhusu wewe." Akikariri neno kwa neno, likipotea moja yote yanaporomoka. Ashike vigingi vitatu tu: kazi aliyofanya, jambo moja alilolifanikisha, na sababu ya kuitaka nafasi hii. "Nimeandaa hati za mizigo kwa miaka miwili. Nilianza kulinganisha ankara na orodha ya mizigo kabla ya kuwasilisha, marekebisho yakapungua. Hapa nataka kushughulikia shehena kubwa zaidi." Ayaseme kwa sauti, kila mara kwa maneno tofauti kidogo.

Usiku wa kuamkia siku hiyo si wakati wa mazoezi; yafanyike siku mbili kabla, na rafiki. Rafiki akae ng'ambo ya meza, asitabasamu, aandike, na baada ya jibu anyamaze sekunde tano. Kimya hicho ndicho kinachowatoa watu jasho: binti ataanza kujieleza upya na kuharibu jibu zuri. Ajifunze kufunga mdomo na kungoja. Wakicheka, waanze tena tangu kubisha hodi. Simu irekodi sauti, na kila raundi rafiki asahihishe jambo moja tu. Raundi ya kwanza asikilize mwisho wa sentensi, kama sauti inazama. Ya pili ahesabu "yaani" ngapi zimetoka. Ya tatu amkatize katikati kwa swali, aone kama atarudi kwenye kigingi alichoachia.