Shajara ya BTP: kutoka kurasa 34 mpaka insha moja

NEEMA: Haya jamani karibuni, leo tunaongelea kitu ambacho wanachuo wa ualimu wananiuliza kila msimu wa BTP, yale mazoezi ya kufundisha shuleni, ukiisha. Umefundisha wiki nane, kila jioni unaandika shajara, halafu chuo kinakwambia toa humo insha tafakari moja ya maneno 2,000. Beka yalimkuta haya haya.

BEKA: Yalinikuta dada Neema, na yalinikuta vibaya. Mimi nilikuwa na shajara 34, nikaona hii kazi ndogo, nafupisha kila wiki aya moja basi. Wiki ya kwanza nilifanya hivi, wiki ya pili nilifanya vile, mpaka ya nane. Mkufunzi akarudisha kaandika mstari mmoja tu juu: "Hii ni ratiba, siyo insha."

NEEMA: Hahaha! Hakukosea lakini.

BEKA: Hakukosea ila iliuma, we acha tu.

NEEMA: Wengi ndo wanakwama hapo. Wengine wanakwama kivingine, shajara waliziandika kwa ule mzunguko wa Gibbs, ile hatua sita: maelezo, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, mpango wa hatua. Sasa kwenye insha anaubeba mzunguko mzima kwa kila tukio, ukifika tukio la tatu ushachoka, kila baada ya mistari minne "nilijisikia". Mzunguko ule unakusaidia kuchimba tukio moja, kupanga insha nzima ni kazi nyingine. We uliporudishiwa ulianzia wapi?

BEKA: Nilisoma zote 34 kwa mkao mmoja bila kalamu, hiyo mkufunzi alinisisitizia, maana ukishika kalamu unaanza kusahihisha lugha. Mara ya pili ndo nikaandika pembeni maneno machache, siku hii hasa ilikuwa inahusu nini. Na hapo ndo nikaona aibu, dada. Sentensi "somo lilienda vizuri" nimeiandika mara 19!

NEEMA: Mara 19 kati ya 34, ee?

BEKA: Na haielezi vizuri kivipi. Nikajiuliza, hivi nilikuwa najuaje kama limeenda vizuri? Nikaanza kutafuta ushahidi kwenye siku zenyewe. Kumbe kila nilipoandika hivyo, sababu ni moja, darasa lilikuwa linaitikia. Nauliza "tumeelewana?" wanajibu "ndiyo mwalimuuu", nami narudi ofisini roho kwatu.

NEEMA: Hapo sasa ushapata dhamira, na ona imetokea kwenye swali, haijatokea kwenye kichwa cha habari. Wengi wanagawa hivi: nidhamu, zana, muda. Yale ni makapu tu, unatupia vitu ndani na havisemezani. Dhamira lazima uweze kuisema kama sentensi nzima yenye kitu kilichobadilika ndani yake. Yako ilikuwaje?

BEKA: "Niliuchukua mwitikio wa darasa kama kuelewa, mpaka madaftari yaliponikatalia."

NEEMA: Tupe hayo madaftari.

BEKA: Darasa la tano, hisabati, kujumlisha sehemu. Shajara ya wiki ya kwanza inasema somo lilienda vizuri, watoto wachangamfu. Wiki ya tatu nikakusanya madaftari 58 ya zoezi. Swali la kwanza nusu kujumlisha theluthi, 1/2 + 1/3. Watoto 33 wameandika 2/5. Wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, basi, habari za KDS hakuna. Na hao hao ndo walioitikia ndiyo mwalimu.

NEEMA: Na 2/5 ni ndogo kuliko hiyo nusu uliyoanza nayo, umeongeza kitu kikapungua!

BEKA: Eeh, mi mwenyewe hilo nililiona wakati naandika insha, kwenye shajara sikuwa nimeliona kabisa. Siku ile nimeandika tu "wanafunzi hawakuwa makini".

NEEMA: Subiri hapo hapo, hapo pana utamu. Ulifanyaje na hiyo sentensi? Maana wengi wanaifuta, wanaandika kana kwamba walijua tangu siku ile.

BEKA: Nilitaka kuifuta kweli. Mwisho nikainukuu kama ilivyo pamoja na wiki yake, halafu chini nikaandika sasa naona niliwalaumu watoto kwa kosa ambalo sikuwa nimelitafuta. Yaani wanaongea watu wawili, yule wa wiki ya tatu na mimi wa leo.

NEEMA: Msahihishaji anatafuta huo umbali kati ya hao wawili. Ukimpaka rangi yule wa zamani aonekane mwerevu, umeua ushahidi wako mwenyewe. Haya, dhamira nyingine?

BEKA: Zilikuwa tatu jumla. Ya pili, nilikimbizana na andalio la somo: dakika 40, mimi nataka kila kilichoandikwa kiishe, kwa hiyo hata nikiona uso wa mtoto umekwama napita. Ya tatu, nilimwogopa mwalimu mlezi, nikimuuliza nitaonekana sijui kazi. Alikuja kunionyesha wiki ya sita kitu kidogo tu, kila mtoto aandike jibu kwenye kipande cha karatasi kabla yeyote hajasema neno.

NEEMA: Ona sasa zinavyoshikana. Itikio lilimdanganya, haraka ikamfanya asichunguze, woga ukamnyima mtu wa kumwamsha. Zote tatu zinajibu lile swali lako la mwanzo, nilijuaje kama wameelewa. Kipimo changu huwa hiki, chukua aya ya dhamira ya pili iweke mahali pa ya tatu. Kama hakuna kinachoharibika, bado hujaunganisha.

BEKA: Na shajara nyingine zinabaki nje. Nilitumia nane tu, mbili tatu kwa kila dhamira. Niliacha ile ya siku ya mvua paa likivuja, naipenda hiyo hadithi mpaka leo, ila haikuhusu.

NEEMA: Shajara zilizobaki zinaenda kwenye kiambatisho. Mgawanyo wa maneno?

BEKA: Utangulizi 200, kila dhamira 500, mwisho 300. Na kwenye huo mwisho niliweka shajara ya wiki ya saba iliyonipinga, ile njia ya vikaratasi ilikula nusu ya kipindi, na watoto wa nyuma wakanakiliana. Nikaandika nikipata darasa tena nitachukua safu moja moja kwa zamu, siyo wote 58.

NEEMA: Vizuri, mpango wa mtu aliyejaribu unajulikana, una namba na una kasoro. Na majina ya watoto?

BEKA: Nilibadilisha yote, na shule nikaandika "shule ya mazoezi" tu.

NEEMA: Sentensi ya kwanza kabisa ya insha ikawa ipi?

BEKA: "Kwa wiki tatu watoto 58 waliniambia wameelewa, na mimi sikuwahi kuwauliza kwa namna ambayo wangeweza kusema hapana."

NEEMA: Eh! Mkufunzi akaandika nini juu safari hii?

BEKA: Alama tu, dada. Hakuandika neno.