Bei ya safari: uliza kwanza nani analipa ada ya kreta

Ndugu zangu mnaoishi Ulaya na Marekani, wengi wenu mtawaleta marafiki, na swali lenu ni lile lile: kwa nini safari moja, siku tatu zile zile, huyu anasema dola 690 kwa kichwa na yule 850?

Tuchukue wageni wawili wanaotoka Arusha. Usiku wa kwanza wanalala kwenye hema Seronera, ndani ya Serengeti, wa pili ukingoni mwa Ngorongoro, na asubuhi ya tatu wanashuka kreta. Natumia viwango vya 2024 vya mgeni asiye mkazi, msimu wa wageni wengi, VAT ikiwa ndani. Mtanzania analipa kwa shilingi, tena kidogo sana, kwa hiyo hesabu yake ni nyingine.

Njia ya Serengeti inakatiza Ngorongoro, kwa hiyo mgeni analipa dola 70.80 akipita kwenda, na 70.80 tena akirudi. Serengeti ni 82.60. Kupiga kambi ni 35.40 kila usiku. Jumla, kila mmoja 295.

Hapo bado kreta. Ada ya kushuka hutozwa kwa gari, si kwa mtu: dola 295 kwa mshuko mmoja. Wageni wakiwa sita, kila mmoja anabeba kama 49. Wakiwa wawili, kila mmoja 147.50. Ndiyo maana bei ya kundi haifai kulinganishwa na bei ya watu wawili, na ndiyo maana ada hii huachwa nje mara nyingi. Karatasi inasema “ada za hifadhi zimo”, nayo kreta imeandikwa chini kabisa, kwenye visivyojumuishwa.

Sasa rudini kwenye ile 690. Ongezeni 147.50 ya kreta. Kama kupokelewa KIA nako hakumo, na gari la kwenda Arusha ni dola 50, kila mmoja anaongeza 25. Mmefika 862.50. Ile 850 yenye vyote hivyo ndiyo rahisi.

Kwenye chakula, uliza kinaanzia mlo gani na kuishia mlo gani. Lanchi ya siku ya mwisho ndiyo husahaulika, na maji ya kunywa ndani ya gari.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi ni saa. Kibali cha Serengeti ni cha saa 24 tangu mlipoingia geti la Naabi. Mliingia saa nane mchana, kesho yake mkakaa kumwangalia chui mpaka saa tisa, mnadaiwa siku nyingine: 82.60 kila kichwa. Mwambieni mwenye kampuni aandike kabla hamjatuma malipo ya awali: gari likiharibika au dereva akichelewa, ada hiyo ni yake, wageni wakitaka wenyewe kubaki, ni yao.