Kufupisha ripoti ya kurasa 42 iwe kurasa 2 bila kupoteza ushahidi

Karibuni. Ripoti mnayoiona kwenye skrini tumeitunga kwa ajili ya somo hili. Ina kurasa 42 na inahusu visima vya pampu ya mkono katika kata moja. Mkurugenzi wa halmashauri anataka kurasa 2 kabla ya kikao cha bajeti.

Usianze kwa kufuta. Anayefuta aya moja moja hubakiza utangulizi, kwa sababu umeandikwa vizuri, na kutupa takwimu zilizojificha kwenye viambatisho. Anza kwa kuandika, juu kabisa ya karatasi tupu, swali ambalo msomaji analazimika kuliamua. Kwetu sisi ni hili: fedha za mwaka huu ziende kwenye vipuri au kwenye kuchimba visima vipya?

Sasa chora jedwali la safu nne: dai, ushahidi, masharti, ukurasa. Safu ya masharti ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo inayookoa. Humo unaandika namba imetoka kati ya ngapi, ilikusanywa lini na kwa njia gani. Isome ripoti kuanzia nyuma: viambatisho, majedwali, tanbihi, halafu ndipo uje kwenye sura zenyewe.

Tuangalie ukurasa wa 17:

"Katika zoezi la ukaguzi lililofanyika mwezi Septemba, ambapo timu ilifanikiwa kuvifikia jumla ya visima 60 kati ya visima 84 vilivyopo, ilibainika kwamba visima 21 vilikuwa katika hali ya kutotoa maji kutokana na sababu mbalimbali, ambapo 14 kati ya hivyo vilikuwa na changamoto ya uchakavu wa vipuri vya pampu, na 7 vilikumbwa na hali ya kushuka kwa kina cha maji."

Chini yake kuna tanbihi yenye maandishi madogo: visima 24 havikufikiwa kwa sababu ya ubovu wa barabara. Iweke kwenye safu ya masharti, mstari huohuo mmoja na namba 21.

Jedwali likishajaa, funika mstari mmoja kwa kidole na ujiulize kama pendekezo la vipuri bado linasimama. Likisimama vilevile, mstari huo unaondoka. Historia ya mradi inaondoka, na orodha ya waliohudhuria mkutano pia. Vile visima 7 vilivyopungukiwa maji vinabaki, japo vinapunguza nguvu ya pendekezo la vipuri. Kipuri kipya hakileti maji pale ambapo maji yameshuka, na mkurugenzi lazima ajue hilo kabla ya kutia saini.

Hatua inayofuata: funga ripoti, andika ukitazama jedwali peke yake. Pendekezo likae mwanzo, ushahidi ufuate. Ukinakili sentensi kutoka kwenye ripoti, utabeba maneno kama "hali hiyo" na "kama ilivyoelezwa hapo juu", wakati huko juu umeshakufuta. Aya yetu inakuwa hivi:

"Septemba, visima 21 kati ya 60 vilivyokaguliwa havikuwa vikitoa maji: 14 kwa uchakavu wa vipuri, 7 kwa kushuka kwa maji. Visima 24 kati ya 84 vilivyopo havikukaguliwa kwa ubovu wa barabara (uk. 17)."

Tumeondoa "zoezi la", "ilibainika kwamba", "katika hali ya" na "changamoto ya". Hakuna namba iliyoondoka.

Hapa ndipo watu huteleza: wanaandika "asilimia 35 ya visima vya kata havitoi maji". Hesabu ni sahihi, ila ni asilimia 35 ya vile 60 vilivyokaguliwa. Kama vile 24 vyote ni vizima, kwa kata nzima ni 21 kati ya 84, yaani asilimia 25. Kama vyote ni vibovu, ni 45, yaani karibu asilimia 54. Tena hatuwezi kudhani vinafanana na vile 60, maana barabara iliyoizuia timu huenda inamzuia fundi pia. Kwa hiyo andika namba kamili, uache asilimia.

Mwisho, chukua kalamu nyekundu na uzungushie kila namba kwenye muhtasari, kisha urudi nayo ukurasa ilikotoka. Baadaye fanya hivyo kwa maneno ya tahadhari. Ripoti ikisema uchakavu "huenda unatokana" na ukosefu wa fundi, na wewe ukaandika "unatokana", umeokoa neno moja na kumpa msomaji uhakika ambao timu haikuwa nao. Neno "huenda" libaki. Kama bado umezidi kurasa 2, toa dai zima pamoja na ushahidi wake. Usibakize dai ukatoa masharti yake.