Damu ya Mkimbiaji Anayepanda Iten: Mhadhara Uliotolewa Mombasa

Waheshimiwa makocha, walimu wa michezo, wanariadha wetu wa Pwani na wazazi mliofika, asalaam aleikum na habari za jioni. Nimeombwa nieleze jambo ambalo huulizwa kila mara kijana wa hapa anapofunga mzigo kwenda Iten kupiga kambi: huko juu mwili wake hubadilika vipi, na mabadiliko hayo yanamsaidiaje anaporudi kushindana. Nitashika jambo moja, nalo ni damu, kwa sababu faida iliyo kubwa zaidi imo humo, na makosa mengi ninayoyaona kwa wanaopanda na kushuka yanatokana na kutoielewa.

Kwanza hewa yenyewe. Husemwa kwamba Iten oksijeni ni haba, na kauli hiyo yataka kunyooshwa. Sehemu ya oksijeni katika hewa ya Iten ni ile ile ya Mombasa, karibu asilimia 21. Kinachopungua ni shinikizo la hewa. Hapa usawa wa bahari ni milimita 760 za zebaki, na Iten, iliyo mita 2,400 hivi juu ya bahari, ni karibu 570. Oksijeni hupenya kutoka kwenye mapafu hadi kwenye damu kwa nguvu ya shinikizo hilo, basi likipungua kwa robo, kila pumzi hubeba oksijeni pungufu kwa kiasi kama hicho. Ndiyo maana mgeni kutoka Pwani huhema kwa kasi na moyo wake hudunda upesi hata katika mwendo ambao nyumbani aliuona wa kawaida.

Kuhema ni msaada wa saa chache. Kazi ya kudumu huanzia kwenye figo, ambazo huhisi upungufu wa oksijeni na kutoa homoni iitwayo erithropoietini. Homoni hii huanza kupanda ndani ya saa chache baada ya kufika, hufikia kilele katika siku mbili tatu, kisha hushuka polepole. Huuamuru uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu zaidi, na seli hizo ndizo zenye himoglobini, ile protini inayoshika oksijeni na kuisafirisha hadi kwenye misuli. Uboho hauwezi kuharakishwa: seli mpya huchukua siku kadhaa kukomaa, na ongezeko lenye maana huonekana baada ya wiki mbili au tatu.

Hapo pana mtego ambao naomba makocha wauangalie sana. Mwanariadha akipimwa damu siku ya tano, kipimo cha himoglobini kinaweza kupanda kutoka gramu 14.5 hadi 15.3 kwa desilita, na kambi nzima ikafurahi kwamba damu imeongezeka. Mara nyingi haijaongezeka. Katika siku za mwanzo mwili hupunguza maji ya damu, yaani plazma, hivyo himoglobini ile ile hukaa ndani ya maji machache zaidi. Ni sawa na mchuzi uliochemka ukapungua maji: umekolea, lakini nazi iliyomo haikuongezwa. Kinachomfaa mkimbiaji ni jumla ya gramu za himoglobini mwilini mwake, na kipimo cha kawaida cha zahanati hakiionyeshi.

Sasa tufanye hesabu ya mtu mmoja. Chukueni mkimbiaji wa kilo 60, ambaye jumla ya himoglobini yake ni gramu 720, yaani gramu 12 kwa kila kilo. Katika mwinuko kama wa Iten, kadirio linalotumika sana ni ongezeko la asilimia moja kwa kila saa 100 za kukaa huko. Wiki tatu ni saa 504, kwa hiyo tutarajie asilimia tano hivi, ambazo ni gramu 36. Kila gramu ya ziada huongeza uwezo wa juu kabisa wa kutumia oksijeni kwa mililita nne hivi kwa dakika, nasi tukizidisha tunapata takriban 144. Ikiwa uwezo wake wa awali ulikuwa lita 3.9 kwa dakika, faida ni chini kidogo ya asilimia nne. Katika mbio za mita 10,000 hiyo si faida ndogo. Lakini ni wastani, na watu hutofautiana sana: wawili waliolala chumba kimoja wanaweza kurudi, mmoja ameongeza vizuri na mwenzake hakuongeza kitu.

Aliyekosa, mara nyingi amekosa madini ya chuma. Kila gramu ya himoglobini huhitaji miligramu 3.4 za chuma, hivyo gramu 36 zinadai miligramu 122 juu ya mahitaji ya kila siku. Akiba ya chuma hukisiwa kwa kupima feritini, na kila mikrogramu moja kwa lita inawakilisha miligramu nane hadi kumi za akiba. Binti mwenye feritini 12 anayo akiba ya miligramu 100 hivi, na hedhi inaipunguza kila mwezi; uboho wake utaamriwa ujenge, lakini hauna vifaa. Kwa hiyo feritini ipimwe wiki kadhaa kabla ya safari, ili daktari aamue kama vidonge vinahitajika na kwa kiasi gani, kwani chuma kikizidi nacho hudhuru. Na chai, ambayo sisi hatukai bila nayo, huzuia chuma cha maharagwe na mchicha kufyonzwa. Inywewe saa moja au mbili baada ya chakula, isiwe ya kuteremshia tonge.

Mwinuko pia una gharama yake. Kwa kuwa oksijeni ni kidogo, mtu hawezi kukimbia kwa kasi ya Mombasa, na akijilazimisha siku za kwanza huchoka, hukosa usingizi na kushindwa kula. Kwa sababu hiyo, mwaka 1997 Levine na Stray-Gundersen walichapisha utafiti wa wakimbiaji waliolala mita 2,500 na kushuka hadi mita 1,250 kufanya mazoezi. Damu ilijengwa huko juu, kasi ikatunzwa huko chini, na muda wao wa mita 5,000 ukaboreka.

Limebaki suala la kushuka, na hapa Mombasa ina neno lake. Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika kwenye uwanja wa gofu wa hapa kwetu. Kenenisa Bekele, bingwa kutoka nyanda za juu za Ethiopia, aliacha mbio katika joto na unyevunyevu, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Wingi wa himoglobini haupozi mwili. Kuzoea joto huhitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi katika joto lenyewe, ambamo plazma huongezeka na jasho huanza kutoka mapema. Kwa upande wa pili, mtu akishuka, erithropoietini hupungua na himoglobini aliyoongeza huanza kurudi nyuma, nyingi ikiwa imepotea baada ya wiki tatu au nne. Kwa mbio za hapa, basi, mimi ningemshusha mkimbiaji wiki mbili kabla ya siku yenyewe: joto atakuwa amelizoea, na sehemu nzuri ya damu aliyojenga Iten ingali mwilini mwake.